Kadi moja ubaoni, mitetemo miwili mkononi

*"Fundi, habari za kazi. Nauza dagaa na mawese hapa Kibirizi, Kigoma. Nilinunua saa janja kwa sababu mikono yangu muda mwingi iko kwenye dagaa na simu inakaa kwenye mkoba. Meseji ya pesa ikiingia saa inatetema mara mbili, na kuna siku nilidhani nimelipwa mara mbili. Za WhatsApp zinatetema, ila nikinawa mikono nikaja kutazama sikuti kitu. Halafu kuna siku mchana kutwa saa inakaa kimya, mpaka jioni nifungue ile programu yake ndipo inaanza tena. Nimekutumia picha. Saa ni mbovu? Niirudishe dukani?"*

Salama, mama. Usiirudishe kwanza. Picha zako nimezitazama, na hayo uliyoyataja ni mambo matatu yenye sababu tatu tofauti, lakini yote yanaanzia kwenye simu. Ukiirudisha utapewa nyingine ya aina hiyohiyo, utaiunganisha na simu hiyohiyo, na wiki ijayo utaniandikia tena.

Saa kama yako haina laini, na haijui WhatsApp ni nini. Inachojua ni kile tu inachoambiwa na simu. Ule ukurasa unaoushusha kwa kidole kutoka juu ya skrini uchukulie kuwa ni ubao wa matangazo, kama ule wa ofisi ya kata. Programu yoyote kwenye simu ikitaka kukueleza jambo, inabandika kadi pale. Sasa ile programu ya saa, uliyoipakua kwa kupiga picha kile kimraba cha vidoti kwenye boksi, ni karani aliyesimama mbele ya ubao. Siku ya kwanza ilikuomba ruhusa inayoitwa "Notification access", nawe ukakubali. Hiyo ndiyo ruhusa ya kusoma ubao, na imekuwepo kwenye Android tangu toleo la 4.3 la mwaka 2013.

Karani huyu hupewa taarifa za aina mbili: kadi imebandikwa, au kadi imebanduliwa. Kadi iliyokuwepo ikifutwa maandishi na kuandikwa upya, kwake hiyo nayo ni taarifa ya kubandikwa. Ni juu yake kuangalia kama ni kadi ileile au ni mpya. Akishaona, anaita saa kwa Bluetooth, na saa inatetema. Kwa hiyo swali la kujiuliza kila mara ni hili: karani ameona nini, na amesema nini?

Tuanze na pesa, maana hapo ndipo unaweza kupata hasara.

Kwenye picha ya saa yako kuna jumbe mbili za saa 4:14 asubuhi, yaani 10:14 kama saa inavyoandika. Maneno ya mwanzo yanafanana, "Umepokea" na kiasi. Lakini tazama michoro ya pembeni. Wa kwanza una kibahasha. Wa pili una kikengele, na juu yake limeandikwa jina la programu ya kusomea meseji. Hicho kibahasha na hicho kikengele ndivyo vimeniambia yote.

Programu nyingi za saa za bei nafuu zina njia mbili za kupata meseji za kawaida. Ya kwanza ni ya moja kwa moja: ulipoiunganisha saa iliomba ruhusa ya SMS, na tangu hapo meseji ikiingia tu kwenye simu karani anaipata mkononi, hata kabla haijafika ubaoni. Hiyo ndiyo inayokuja na kibahasha. Njia ya pili ni ubao wenyewe: programu ya meseji ya simu inabandika kadi yake kama kawaida, karani anaiona, anaipeleka kama kadi ya programu yoyote nyingine. Hiyo ndiyo ya kikengele. Meseji imeingia mara moja, karani ameisikia kwa masikio mawili, akaita mara mbili. Aliyeitengeneza programu angeweza kumfundisha karani kunyamaza kwa lile la pili. Wengi hawafanyi hivyo.

Dawa yake ni kuziba sikio moja. Fungua programu ya saa, ingia kwenye ukurasa wa arifa. Utakuta orodha yenye vitufe vya kuwasha na kuzima: simu zinazopigwa, "SMS", WhatsApp, Facebook na nyingine, na chini kabisa kuna kimoja kinachoitwa "Others" au jina linalokaribia hilo. Hicho cha mwisho ndicho kinachobeba kila kadi isiyo na kitufe chake, ikiwemo ya programu ya meseji. Mahali pengine "Others" inakupa orodha ya programu zote uchague. Ukikuta hivyo, toa alama kwenye programu ya meseji peke yake na uache nyingine. Kama ni kitufe kimoja tu cha jumla, kizime, ila ujue utakosa na arifa za programu nyingine zisizo na kitufe. Mimi ningeacha "SMS" ikiwa imewashwa, kwa sababu njia ya moja kwa moja haitegemei ubao, na itakufaa siku ambayo ubao una matatizo, kama nitakavyoeleza huko mbele.

Baada ya hapo mwombe mtu akutumie meseji ya kawaida, si ya pesa. Ikitetema mara moja na kibahasha, umemaliza. Simu inayopigwa huwa na ugonjwa huohuo, saa ikiita na kisha kikengele cha "simu isiyopokelewa" kikafuata. Lakini hizo ni taarifa mbili za kweli, ziache.

Kuhusu kudhani umelipwa mara mbili: usikabidhi gunia kwa kutazama saa. Saa inaonyesha maneno machache ya mwanzo, na namba ya muamala mara nyingi iko mbali kiasi kwamba haionekani. Malipo mawili yana namba mbili za muamala. Mwangwi wa malipo moja una namba ileile. Tena kwenye kioo kidogo namna hiyo, meseji ya uongo iliyotumwa na mtu kwa namba yake ya kawaida na meseji ya kweli ya mtandao zinaweza kufanana kabisa. Saa ikuite, kisha unawe mikono ufungue simu na utazame salio.

WhatsApp nayo inaweza kutetema mara mbili, ila kwa sababu nyingine, nikueleze usije ukaanza kuzima vitufe ovyo. Wateja wawili wakikuandikia, WhatsApp inabandika kadi ya kila mmoja, na juu yake inabandika kadi ya jumla, ile inayosema una meseji kadhaa kutoka mazungumzo kadhaa. Kwenye simu huoni shida kwa sababu kadi hizo zinakunjwa pamoja na simu inalia mara moja. Karani asiye makini anasoma kadi ya mteja, anaita. Anasoma na kadi ya jumla, anaita tena. Vilevile mteja mmoja akituma meseji tatu mfululizo, "Mama", "dagaa wapo?", "gunia bei gani?", WhatsApp haibandiki kadi tatu. Inaiandika upya kadi ileile ikiwa na mstari mmoja zaidi, na saa inaweza kukuonyesha "Mama" mara tatu. Hili huna kitufe cha kulizima. Ukiona mtetemo wa pili unakuja na maneno ya hesabu badala ya maneno ya mteja, jua ni kadi ya jumla, na kinachoweza kusaidia ni toleo jipya la programu ya saa, kama waliolitengeneza wamejali.

Sasa hizo zinazotoweka.

Saa ziko za aina mbili. Kuna zinazotunza nakala: karani akishapeleka, ujumbe unabaki kwenye saa hata kadi ikibanduliwa kwenye simu. Na kuna zinazofuata ubao: kadi ikibanduliwa, karani anaiambia saa iifute. Saa za Wear OS ya Google ni za aina hii ya pili, na baadhi ya za bei nafuu pia. Kuijua yako ni jambo la dakika moja. Tumiwa meseji ya WhatsApp, acha saa iteteme, usiifungue meseji. Kwenye simu ipangushe ile kadi itoke ubaoni, kisha tazama saa. Ikitoweka na kwenye saa, yako inafuata ubao.

Kwa jinsi ulivyoeleza, naamini inafuata ubao, na swali linakuwa nani anabandua kadi wakati mikono yako iko kwenye dagaa. Kwenye picha yako ya tatu, nyuma ya saa, naona kompyuta mpakato iko wazi mezani na WhatsApp imefunguliwa. Nadhani ni binti au mdogo wako anayeandika oda. Mama, huyo ndiye anayezifuta, na wala hajakosea. WhatsApp ya kwenye kompyuta na ya kwenye simu ni akaunti moja. Mazungumzo yakifunguliwa kwenye kompyuta yanahesabiwa yamesomwa, simu inapewa habari, inabandua kadi yake, karani anaona kadi imeondoka, na saa inafutwa. Kutoka mtetemo hadi kupotea zinaweza kupita sekunde chache tu, muda ambao wewe bado unatafuta maji ya kunawa.

Usiniamini kwa maneno, hakikisha. Simu za Android kuanzia toleo la 11 zina daftari linaloitwa "Notification history". Ingia "Settings", kisha "Notifications", ulitafute humo na uliwashe. Huanza kuandika tangu dakika hiyo ulipoliwasha, ya nyuma halina. Linaweka kumbukumbu ya kadi zote za saa 24 zilizopita, hata zilizobanduliwa. Kesho saa ikitetema kisha usikute kitu, fungua daftari hilo. Ukiikuta kadi ya mteja humo na mazungumzo yenyewe yameshasomwa, basi ni kompyuta. Kama ndivyo, hakuna cha kutengeneza. Mnaamua tu nani anajibu wateja. Njia niliyoona ikifanya kazi kwa mfanyabiashara mmoja wa hapa mjini ni kumwambia anayekaa kwenye kompyuta asifungue mazungumzo mpaka atakapoambiwa, asome tu mstari unaoonekana pembeni bila kubofya. Kusoma pembeni hakubandui kadi.

Kuna njia moja ya kujihadhari na kosa langu mwenyewe, kama kumbe kompyuta haihusiki. Saa za nakala zina nafasi chache za kutunza ujumbe, na zikijaa, wa zamani kabisa unasukumwa nje. Tofauti iko wazi: nafasi zikijaa kinachopotea ni cha zamani na kipya kinabaki, kadi ikibanduliwa, kinachopotea ni hichohicho kipya, na vya jana vinabaki vimekaa. Ukinitumia picha nyingine, nipigie ya orodha nzima ya saa, si ya ujumbe mmoja.

Tuje kwenye ukimya wa mchana. Hapa umenisaidia sana kwa kusema kwamba jioni ukifungua programu, saa inaanza tena. Maana yake karani alikuwa amefukuzwa kazi, na wewe ukamrudisha bila kujua.

Simu nyingi tunazotumia, hasa za bei ya kati, zina mlinzi wa betri mkali. Akiona programu haijafunguliwa muda mrefu wakati skrini imezimwa, anaizima ili chaji idumu. Programu ya saa ndiyo inayoonewa kuliko zote, kwa sababu kazi yake yote inafanyika bila wewe kuifungua. Simu ikikaa kwenye mkoba kuanzia saa 4 asubuhi, kufika saa 8 mchana karani hayupo. Kadi zinabandikwa ubaoni kama kawaida, simu inalia ndani ya mkoba ambao husikii kwa kelele za injini za mitumbwi, na saa haina wa kuiambia.

Ukimya huu una sura mbili, na dawa zake hazifanani, kwa hiyo siku nyingine ikitokea, kabla hujafungua programu, tazama kwanza kwenye saa alama ya kuunganishwa na simu. Kama imekatwa, karani mzima ameondoka. Nenda "Settings", "Apps", chagua programu ya saa, gusa "Battery", uweke "Unrestricted". Simu nyingine zina na kitufe cha pembeni cha kuruhusu programu ijiwashe yenyewe, kinachoitwa "Auto-start" au jina la namna hiyo, kiwashe. Na ukiwa na mazoea ya kufunga programu zote kwa kile kitufe cha kusafisha, acha kuifunga hii, kwa sababu kuifunga ni kumfukuza kwa mkono wako.

Kama alama inaonyesha imeunganishwa, hatua zinahesabiwa, hali ya hewa inabadilika, ila arifa haziji, basi karani yupo lakini amefumbwa macho: simu haimpi tena taarifa za ubao. Hutokea mara nyingi baada ya programu ya saa kusasishwa au kuanguka ghafla. Ruhusa bado inaonekana imewashwa, na hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa. Izime ile "Notification access" ya programu hiyo, hesabu mpaka kumi, iwashe tena. Kuzima na kuwasha kunailazimisha simu imuunganishe upya na ubao. Ndiyo maana nilikushauri uache "SMS" ya moja kwa moja: karani aliyefumbwa macho bado ana sikio, na meseji ya pesa itakufikia.

Ukiwasha ukakuta kitufe kina rangi ya kijivu na hakibonyezeki, usishangae. Tangu Android 13, programu iliyopakuliwa nje ya Play Store haipewi ruhusa hii kirahisi, na hizi za kwenye boksi nyingi zinapakuliwa nje. Fungua ukurasa wa programu hiyo kwenye "Apps", gusa vidoti vitatu vya juu, chagua "Allow restricted settings", kisha rudi. Lakini fikiri kidogo kabla ya kugusa. Karani huyu anasoma kila kadi, ya pesa na ya mume. Kama programu hiyohiyo ipo Play Store, ifute uipakue ya huko.

Na kuna ukimya usio na ubaya wowote. Umbali ni mmoja. Ukiacha mkoba kibandani ukashuka hadi kwenye chanja za dagaa, Bluetooth inakatika. Hesabu kama mita 10, pungufu zaidi kukiwa na ukuta au mapipa ya mawese katikati. Ukirudi, baadhi ya makarani wanasoma ubao wote upya kutoka juu na saa inatetema mfululizo kwa mambo uliyokwisha kuyaona. Mimi iliwahi kuniamsha usiku wa manane kwa kadi kumi na kitu, nimetoka tu uani nikarudi chumbani. Ile nayo ni mitetemo ya marudio. Ukipangusa kadi za simu kila unapopata nafasi, ubao unakuwa mtupu na hakuna cha kurudiwa. Jingine ni kitufe kwenye programu ya saa kinachosema saa isitetemeke simu ikiwa inatumika. Kikiwa kimewashwa, mtoto akiishika simu yako kucheza, kwako ni kimya.

Ukija kubadilisha simu ukapata yenye Android 15 au zaidi, utakutana na jambo jipya: kadi zenye namba ya siri ya kutumika mara moja, zile za kuthibitisha akaunti, hufichwa maandishi yake kwa makarani ambao simu haiwaamini. Saa itatetema lakini namba hutaiona. Huo ni ulinzi, usitafute fundi wa kuuondoa.

Mwanao mwenye iPhone, uliyemtaja kwenye maneno ya chini ya picha ya pili, asifuate maelezo yangu ya karani. Kule simu yenyewe ndiyo inayoita saa za makampuni mengine, kwa utaratibu uliopo tangu iOS 7 ya mwaka 2013, na huiambia saa kadi zipi zilikuwepo kabla ya kuunganishwa ili isizitetemee tena. Kama saa yake ni Apple Watch, kanuni ni rahisi zaidi: simu ikiwa imefunguliwa inatumika, arifa inabaki kwenye simu, simu ikiwa imefungwa na saa iko mkononi haijafungwa, arifa inakwenda kwenye saa. Anayelalamika kwamba saa yake haitetemi wakati anachati kwenye simu, hana tatizo.

Kwa hiyo leo jioni, ukishafunga biashara, fanya hivi kwa mpangilio: "Unrestricted" kwenye betri, kisha toa programu ya meseji kwenye "Others", kisha washa "Notification history". Usifanye mengine. Kaa nayo siku tatu za kazi. Meseji ya pesa ikitetema mara mbili tena, usiifute. Piga picha zote mbili zikionyesha mchoro wa pembeni, kibahasha au kikengele, unitumie. Zikija zote mbili na kibahasha, nitakuomba unitajie jina la programu ya saa na toleo lake, maana hapo itakuwa ni programu yenyewe inayoituma meseji moja mara mbili, na hiyo ndiyo sababu ya kweli ya kurudi dukani.